Sikio la Kidatu Thabiti na Sikio la Kidatu Linganishi: Mfano wa Waimbaji wa Masimba

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo moja ambalo limewatatanisha walimu wengi wa nyimbo, na ambalo mwanafunzi wa lugha naye hukutana nalo kila anapoanza kusoma habari za toni. Jambo lenyewe ni ule uwezo wa mtu kusikia sauti moja, pasipo kusikia nyingine ya kuilinganisha nayo, na papo hapo akaitaja jina lake. Wazungu wameupa uwezo huo jina linalomaanisha kwamba umekamilika, na kwa sababu ya jina hilo watu wengi hudhani kwamba asiye nao ana sikio lenye upungufu. Dhana hiyo si sahihi, na imewadhuru watu.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari, mwalimu mmoja alituita mmoja mmoja mbele ya piano, akabonyeza kibao kimoja huku tumeupa mgongo ubao wa piano, akatutaka tuseme ni noti gani. Sikuweza, na wenzangu wengi hawakuweza. Tukaambiwa kwamba hatuna masikio ya muziki, na kwaya ikaundwa kwa wale wawili watatu waliobahatisha. Ilinichukua miaka mingi, na masomo ya ng'ambo, kutambua kwamba mwalimu yule alikuwa ametupima kwa kipimo ambacho waimbaji wengi hodari wa dunia nzima wangelishindwa nacho, na kwamba kile ambacho kwaya inakihitaji hasa hakukipima kabisa.

2. Kidatu ni nini?

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya istilahi. Katika isimu tumezoea kutumia neno kidatu kwa maana ya ujuu au uchini wa sauti. Toni ni kidatu kinapotumika kutenga maana ya neno na neno, na kiimbo ni kidatu kinapopanda na kushuka katika sentensi nzima. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni. Tunatenga barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa kwa mkazo tu. Katika makala haya tutatumia neno kidatu kwa muziki na kwa lugha, kwani kiasili ni kitu kimoja.

Kidatu hutokana na wingi wa mitetemo. Uzi, ngozi ya ngoma au nyuzi za koo zinapotetema mara nyingi zaidi katika sekunde moja, sauti husikika juu zaidi. Noti ya la, ambayo okestra nyingi duniani huitumia kupatanisha ala zao, imewekwa kuwa mitetemo 440 kwa sekunde. Ikumbukwe kwamba kiwango hicho ni mapatano ya watu. Ufaransa ilikuwa imeweka 435 katika mwaka wa 1859, na hiyo 440 ilikubaliwa katika mkutano uliofanyika London mwaka wa 1939.

Sasa tuangalie wimbo. Tuseme mwimbishaji ameanza do yake kwenye mitetemo 220. So yake itakuwa kwenye 330 hivi. Siku nyingine koo lake limechangamka, akaanza do kwenye 262. So yake itakuwa kwenye 393 hivi. Tofauti ya kwanza ni 110, na ya pili ni 131, hazilingani. Lakini ukigawanya 330 kwa 220, na 393 kwa 262, mara zote mbili utapata moja na nusu. Uwiano huo ndio unaoufanya wimbo kuwa wimbo ule ule, ingawa siku hizo mbili hakuna hata sauti moja iliyorudiwa.

Hapa ndipo tofauti yetu inapoanzia. Mtu mwenye sikio la kidatu linganishi husikia uwiano: hujua kwamba sauti ya pili ni so kwa kuwa ameisikia do. Mtu mwenye sikio la kidatu thabiti huitambua sauti yenyewe peke yake, kama sisi tunavyotambua rangi nyekundu bila ya kuwekewa nyeupe kando yake. Nimechagua neno thabiti, wala si kamili, kwa makusudi. Sikio hilo limekazwa mahali pamoja, lakini kukazwa si kukamilika.

3. Masimba: uzi hufuata koo

Masimba ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Kisii. Huko, kama kwingineko Gusii, mtu anaweza kusikia mapokeo mawili ya muziki: obokano, na kwaya za makanisa na shule. Nayo yote mawili yamesimama juu ya kidatu linganishi.

Obokano ni zeze kubwa la Abagusii, lenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi. Sauti yake ni nzito, na mpigaji hukaa kitako akiipiga huku akiimba. Nyuzi hufungwa kwenye mti wa juu, na hukazwa au kulegezwa hapo hapo. Katika ziara yangu moja nilimwuliza mzee mmoja mpigaji, "Mzee, huu uzi wa kwanza unajuaje kwamba umekaza vya kutosha?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto, akasema, "Mwalimu, uzi hufuata koo. Leo nina mafua, nao utashuka." Kisha akaukaza uzi mmoja mpaka ukakubaliana na sauti aliyokuwa akiivumisha puani, na zile nyingine akazipatanisha na huo, moja baada ya moja, akirudi nyuma kila mara kuhakikisha kwamba ule wa kwanza haujalegea.

Tazama alivyofanya. Sauti ya kwanza aliichagua kwa raha ya koo. Lakini baada ya hiyo hakuwa na uhuru tena: uzi uliokosea kidogo tu aliugundua mara moja, akakunja uso, akaukaza upya. Mtu huyu ana sikio kali mno, nalo ni sikio la uwiano. Ukimbonyezea kibao kimoja cha piano na kumtaka jina lake, hatakuwa na jina la kukupa, kwa sababu katika ala yake hakuna sauti iliyopewa jina kwa wingi wa mitetemo yake. Kila uzi unajulikana kwa nafasi yake miongoni mwa wenzake.

Kwaya nazo ni vivyo hivyo. Wamisionari walileta Afrika Mashariki ule utaratibu wa solfa uliosambazwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, naye aliujenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Ndio ule wa kuandika d, r, m, f, s, l, t badala ya noti za mistari. Siri ya utaratibu huo ni kwamba do huhama. Mwimbishaji hutazama waimbaji wake, huvumisha do inayowafaa wote, huwagawia sauti zao, na wimbo huanza. Kesho do itakuwa kwingine. Mtoto aliyelelewa katika solfa anafundishwa, tangu siku ya kwanza, kwamba jina la sauti halimo katika sauti yenyewe bali katika uhusiano wake na nyingine.

4. Faida na hasara za sikio thabiti

Watu wenye sikio thabiti ni wachache. Kadirio linalotajwa mara nyingi kwa nchi za Ulaya na Amerika ni mtu mmoja katika 10,000, ingawa miongoni mwa wanamuziki waliosomea kazi hiyo idadi huwa kubwa zaidi. Faida zake ni dhahiri: mwenye nalo anaweza kuanzisha wimbo bila ya ala, kuandika muziki anaousikia bila ya kutafuta mwanzo wake, na kugundua kwamba kwaya imeshuka.

Lakini faida hiyo ya mwisho yaweza kugeuka kuwa adha. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo niliimba katika kwaya ya wanafunzi pamoja na mwenzangu mmoja mwenye sikio la namna hii. Kwaya isiyo na ala aghalabu hushuka pole pole, na jioni moja tulikuwa tumeshuka nusu-hatua nzima, yaani umbali wa kibao kimoja cha piano hadi kinachokifuata. Sisi wengine hatukujua, kwa kuwa sote tulikuwa tumeshuka pamoja. Yeye alinyamaza katikati ya wimbo. Baadaye alinieleza kwamba jicho lake lilikuwa likisoma noti moja na sikio lake likisikia nyingine, ikambidi ahamishe kila noti akilini kabla ya kuiimba.

Hali hiyo si ya mtu mmoja. Mtaalamu wa Kijapani Ken'ichi Miyazaki, katika tafiti zake za miaka ya 1990, aliwapa wanamuziki wenye sikio thabiti kazi ya kutaja umbali kati ya sauti mbili. Sauti ya mwanzo ilipokuwa do ya kawaida ya piano walifaulu vizuri. Ilipohamishwa mahali pengine walikosea zaidi na wakachelewa. Walikuwa wakitaja majina ya sauti kwanza, kisha wakipiga hesabu, badala ya kuusikia umbali wenyewe. Aidha, wengi wa watu hawa hufikwa na msiba wanapozeeka: baada ya miaka ya makamo masikio yao huanza kuhama, na muziki wanaoujua tangu utotoni husikika kama umepandishwa nusu-hatua. Mzee wa obokano hawezi kufikwa na msiba huo. Sikio lake likihama, uwiano huhama pamoja nalo, naye hapotezi kitu.

5. Je, msemaji wa lugha ya toni ana nafasi bora?

Swali hili latuhusu sana sisi wa idara za lugha za Kiafrika. Diana Deutsch, mtaalamu wa saikolojia ya muziki huko California, alitoa hoja kwamba mtoto anayejifunza lugha ya toni hujifunza kufunga kidatu na maana tangu utotoni, na kwa hiyo njia ya sikio thabiti imekwisha funguliwa. Katika Kichina cha Beijing silabi ma yaweza kuwa mama, katani, farasi au kutukana, kutegemea kidatu chake. Katika mwaka wa 2006 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi wa chuo kimoja cha muziki cha Beijing na kingine cha Marekani. Miongoni mwa wale walioanza muziki wakiwa na umri wa miaka minne au mitano, kiasi cha asilimia 60 ya Wachina walikuwa na sikio thabiti, na kiasi cha asilimia 14 tu ya Wamarekani wasiojua lugha ya toni.

Ekegusii nayo ni lugha ya toni. Je, tutarajie kwamba watoto wa Masimba wana masikio thabiti kwa wingi? Kwa maoni yangu, la, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni ya kiisimu. Katika lugha nyingi za Kibantu toni ni mbili, ya juu na ya chini, na ujuu wake ni wa kulinganishwa. Bibi mwenye sauti nzito na mjukuu wake mwenye sauti nyembamba husema neno lile lile kwa toni zile zile, ilhali toni ya juu ya bibi yaweza kuwa chini ya toni ya chini ya mjukuu. Zaidi ya hayo, sentensi huteremka kadiri inavyoendelea, hata toni ya juu iliyo mwishoni ikawa chini kuliko toni ya chini iliyokuwa mwanzoni. Msikilizaji hapotei, kwa sababu hulinganisha kila silabi na jirani zake. Lugha ya namna hii humfundisha mtoto kusikia uwiano, na wala haimlazimishi kukumbuka mitetemo.

Ya pili ni ya kimalezi. Japani ina watu wengi wenye sikio thabiti miongoni mwa wanamuziki wake, ingawa Kijapani si lugha ya toni kama Kichina. Lakini watoto wengi wa huko huanza piano mapema sana, na hufundishwa kwamba do ni kibao kile kile siku zote. Kwa hiyo sauti isiyobadilika hupewa jina lisilobadilika katika umri unaofaa. Masimba, do huhama na uzi hufuata koo. Hata kama lugha ingekuwa imefungua mlango, hakuna kilichopita mlangoni. Sikio thabiti halizaliwi na lugha peke yake. Lahitaji jamii iliyokwisha kuziweka sauti mahali pamoja na kuzipa majina.

6. Je, laweza kufundishika?

Kwa mtoto mdogo, jibu ni ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Mtafiti wa Kijapani Ayako Sakakibara alichapisha katika mwaka wa 2014 habari za watoto 24, wenye umri wa miaka miwili hadi sita, waliofundishwa kwa njia ya bendera. Mtoto hupigiwa sauti tatu kwa pamoja kwenye piano, naye hunyanyua bendera ya rangi iliyopewa mlio huo. Huanza na rangi moja, zikaongezwa nyingine pole pole, kwa dakika chache mara kadhaa kila siku. Watoto wawili waliacha. Wale 22 waliomaliza wote walipata sikio thabiti. Tahadhari ni kwamba kazi hii yahitaji mzazi asiyechoka kwa muda mrefu, na piano ambayo haikuachwa kulegea nyuzi zake.

Kwa mtu mzima mambo ni magumu, na jaribio la Paul Brady, lililochapishwa mwaka wa 1970, lafaa kuelezwa kwa ukamilifu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Alijitengenezea mikanda ya sauti. Mwanzoni mikanda hiyo ilimpa do kwa wingi, na noti nyingine mara chache tu. Kisha do ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka noti zote 12 zikatokea sawasawa. Alifanya mazoezi kwa jumla ya saa 60 hivi. Kisha akajipima: kwa siku 57, alisikilizishwa noti moja tu ya piano kila siku, naye akaitaja.

Kwa nini moja tu? Kwa sababu ya pili ingelikuwa tayari imeharibika. Mtu mwenye sikio linganishi zuri akiambiwa jina la noti ya kwanza, ataweza kutaja zote zinazofuata kwa kupima umbali, nawe utadhani ana sikio thabiti. Msomaji anayetaka kumpima mtu, au kujipima mwenyewe, hana budi kufuata kanuni hii: noti moja, kabla ya muziki wowote wa siku hiyo, bila ya kuvumisha na bila ya kurudia.

Brady alipata sawasawa mara 37. Mara 18 alikosea kwa nusu-hatua moja, na mara mbili kwa nusu-hatua mbili. Ni matokeo ya kustaajabisha, lakini yaangaliwe vizuri. Alichokuwa amekifanya ni kukaza sauti moja, do, katika kumbukumbu yake, na zile nyingine kuzipima kutoka hapo. Ni sikio linganishi lililopewa mzizi. Tangu hapo watafiti wengine wamewafundisha watu wazima, na wachache wao wamefika karibu na kiwango cha wale waliolipata utotoni. Wengi huendelea kiasi, na mafunzo huhitaji kutunzwa.

Liko jambo moja zaidi ambalo lapunguza umbali kati ya makundi haya mawili. Daniel Levitin, katika mwaka wa 1994, aliwataka wanafunzi wasiochaguliwa kwa ujuzi wao kuimba kwa kumbukumbu wimbo waupendao uliorekodiwa. Asilimia 40 waligusa kidatu halisi cha rekodi angalau katika moja ya majaribio mawili. Yaani kumbukumbu ya kidatu chenyewe wanayo watu wengi. Kinachokosekana ni jina. Nyimbo za kwaya na za obokano haziwezi kupimwa hivyo, kwa kuwa hazina kidatu kimoja cha asili. Lakini wimbo unaosikika redioni kwa rekodi ile ile kila siku waweza, na mwanafunzi wetu mwenye kinasa sauti angeweza kulifanya jaribio hilo sokoni Masimba.

7. Tamati

Tumeona kwamba sikio thabiti ni kumbukumbu ya sauti zenye majina, inayopandwa mapema mahali ambapo sauti zimewekwa zisihame, na kwamba sikio linganishi ni ujuzi wa uwiano, nao waweza kukuzwa katika umri wowote. Mwalimu anayechagua waimbaji, basi, asibonyeze kibao kimoja na kuuliza jina. Avumishe do, amtake mtoto aimbe so. Kisha ahamishe do, amtake tena. Mtoto akiifuata do iliyohama, ana kile ambacho kwaya inakihitaji. Mimi nilikuja kupimwa hivyo nikiwa mtu mzima, na mwimbishaji mmoja wa Masimba, kwa do aliyoitoa kooni mwake. Nikaimba so. Akaniambia nisimame upande wa besi.